Mungu ni wa nani? Dhana potofu kuhusu Mungu, Allah na Mwenyezi Mungu

Dhana: "Mungu" ni neno la Wakristo, lililoletwa na wamisionari.

Neno hili ni la Kibantu. Wagiriama, Wayao na Wachewa humwita Mulungu, na wala hawakulikopa neno hilo kanisani. Katika Kiswahili cha zamani cha kaskazini lilitamkwa Muungu au Mngu, na waliolitumia katika tungo ni Waislamu. Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anamweleza kwamba binadamu anahitaji radhi tano, kisha anaanza kuzihesabu: "Nda Mngu na Mtumewe". Huyo ni mama wa Kiislamu anayemwusia mwanawe juu ya dini, na Mngu wake anatajwa pamoja na Mtume Muhammad. Wamisionari walilikuta neno likitumika tayari, wakalichukua.

Dhana: Mwislamu akisema "Mungu" anakosea, kwa sababu Mungu ana wingi (miungu) na Allah hana.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inastahili kujibiwa taratibu. Kweli, Kiarabu hakina wingi wa Allah. Lakini Kiarabu kina maneno mawili: *ilah*, yaani chochote kinachoabudiwa, ambalo lina wingi wake, *aliha*, na *Allah*, jina la mmoja tu. Kiswahili kilikuwa na neno moja la kubeba kazi zote mbili. Utaitafsirije shahada, "la ilaha illa Allah"? Ukisema "hapana mungu ila Mungu", aliyeandika ataokolewa na herufi kubwa, lakini anayesikiliza hatapata tofauti yoyote.

Dawa ilikuwa kuongeza neno. "Mwenyezi" ni mwenye ezi, na ezi ni uwezo na utukufu, lenyewe likitokana na Kiarabu. Hivyo shahada ikawa: hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Mungu peke yake anashika nafasi ya *ilah*, na Mwenyezi Mungu anashika nafasi ya *Allah*. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alifuata njia hiyo katika tafsiri yake ya Kurani iliyotoka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani vivyo hivyo katika yake ya 1995. Siku hizi wapo Waislamu wanaopendelea kuliacha jina Allah kama lilivyo hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, na wana haki yao. Ila kudai kwamba wazee waliosema Mwenyezi Mungu hawakuijua tauhidi, yaani imani ya Mungu mmoja tu, ni kuwaonea.

Sarufi nayo ina lake la kusema. Mungu mmoja huchukua upatanisho wa mtu: Mungu *a*mejaalia. Wakiwa wengi wanarudi kwenye kundi la miti na mito. Biblia ya Union inasema, "Usiwe na miungu *mingine* ila mimi". Mimi huona lugha hapo imewashusha miungu hao hadi kuwa vitu, ingawa mwanaisimu atasema ni ngeli tu.

Dhana: "Mwenyezi" ni la msikitini peke yake.

Hapana. Mkatoliki husema kila Jumapili, "Nasadiki kwa Mungu mmoja, Baba mwenyezi", na katika Mwanzo 17:1 Abramu anaambiwa, "Mimi ni Mungu Mwenyezi". Angalia mpangilio. Katika Biblia na sala za kanisa, Mwenyezi mara nyingi hufuata nyuma kama sifa. Kwa Mwislamu hutangulia, na maneno mawili yameshikamana kama jina moja. Si kanuni ya chuma, kwa sababu Wakristo wengi nao husema Mwenyezi Mungu, hasa kwenye matanga.

Dhana: Allah ni mungu mwingine, asiyehusiana na Biblia.

Wakristo wa Kiarabu husali kwa Allah, na Biblia yao ya Kiarabu humtaja Allah tangu mstari wa kwanza wa Mwanzo. Kama mafundisho ya Utatu na ya tauhidi yanaweza kupatanishwa, hilo ni suala la teolojia, na neno lenyewe haliwezi kulimaliza.

Kwa hiyo ukitaka kumjua msemaji ni wa dini gani, "Mungu" halitakusaidia. Wote wawili huapa "haki ya Mungu". Sikiliza maneno ya pembeni. "Bwana" kwa Mkristo ni Yesu au Mungu mwenyewe, na Agano la Kale la Union huandika BWANA kwa herufi kubwa mahali pa jina la Mungu la Kiebrania. Kwa Mwislamu, Bwana ni heshima ya Mtume: Bwana Mtume. Mungu kwake ni Mola, Rabi, Jalali, Karima. Naye hatamwita Mungu "Baba", na hapo ndipo utakapomtambua upesi kuliko popote.