Mstari wa monita ukinyooka: maswali kuhusu moyo kusimama kwenye tamthilia za hospitali

Kila tamthilia ya hospitali mstari kwenye monita ukinyooka tu, daktari anapiga shoti ya umeme na mgonjwa anaamka. Ndo inavyokuwa kweli?

Hapana, na mimi kama nesi wa dharura hili ndo linaniumiza kuliko mengine yote, maana nimeshaulizwa na ndugu wa marehemu, analia, "mbona hamkumpiga shoti?" Nikakaa naye chini nikamweleza hivi ninavyowaeleza nyie.

Shoti haiwashi moyo uliozimika. Kazi yake ni kutuliza vurugu. Moyo una umeme wake wenyewe, kuna sehemu ndogo sana juu upande wa kulia ndo inayotoa amri, ile amri inasambaa kwa mpangilio na misuli inakaza kwa pamoja, damu inasukumwa. Sasa inatokea huo umeme unavurugika, kila kipande cha msuli kinatetemeka kivyake, moyo unacheza cheza tu na damu haiendi popote. Hali hiyo ndo fibrileisheni ya ventrikali, ile wanayoifupisha kwa kupiga kelele "vi-fibu!" Kwenye monita mstari wake haujanyooka kabisa, unapanda na kushuka ovyo kama mtoto kachezea kalamu. Hapo shoti inasaidia sana, inazima vurugu yote kwa mpigo mmoja ili ile sehemu inayotoa amri ipate nafasi ya kuanza upya.

Mstari ukinyooka ni asistoli, yani umeme wenyewe haupo, hakuna vurugu ya kuzima, kwa hiyo shoti haina cha kufanya. Kinachofanyika ni kukandamiza kifua bila kuacha, kumpa hewa, adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa kila baada ya dakika 3 mpaka 5, na huku timu inatafuta chanzo: kapoteza damu nyingi? oksijeni imeshuka sana? potasiamu imepanda? Chanzo kisipopatikana moyo hauna sababu ya kurudi. Na kabla ya yote hayo, mstari ukiwa umenyooka kama umepigwa na rula, mara nyingi ni waya umechomoka kifuani, kwa hiyo tunamwangalia mgonjwa kwanza, monita baadaye.

Si wana madaktari wa kuwashauri? Kwa nini sasa wanaonyesha kitu cha uongo?

Wengi wanao, tena wengine wazuri tu. Shida ni kwamba mtazamaji hajafundishwa kusoma mawimbi ya moyo. Ukimwonyesha mstari unaotetemeka anaona moyo bado unafanya kazi, wakati huyo mtu hana mapigo kabisa. Ukimwonyesha mstari ulionyooka na ule mlio wa tiiii, kila mtu sebuleni kaelewa bila kuambiwa neno. Picha iliyo wazi ikaishinda picha iliyo sahihi.

Halafu kuna muda. Kumrudisha mtu kunaweza kuchukua dakika 20, 30, wakati mwingine zaidi, watu wanapokezana kila dakika 2 kwa sababu mkandamizaji anachoka na mikono inaanza kulegea bila yeye kujua. Kwenye tamthilia hiyo yote inabanwa kwenye dakika moja. Na mwigizaji aliyelala pale moyo wake ni mzima, ukimkandamiza kikwelikweli utamuumiza, ndo maana unaona viwiko vimekunjwa na kifua kinaguswa tu. Kwa mtu mzima inatakiwa mikono inyooke, kifua kizame sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na mbavu kuvunjika ni jambo la kawaida tu.

Na mwisho wa tukio ndo kuna uongo mkubwa zaidi nadhani. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu yao kwenye jarida la tiba la New England, waliangalia tamthilia mbili za hospitali na kipindi kimoja cha uokoaji, wakakuta robo tatu ya waliokandamizwa kifua walirudi palepale na karibu wote hao wakaendelea kuishi. Kwenye maisha halisi moyo ukisimamia nje ya hospitali anayepona mpaka kutoka wodini ni kama mmoja kwa kumi, na sehemu nyingi ni pungufu ya hapo. Anayerudi naye mara nyingi haamki akaomba maji, anapelekwa uangalizi maalumu na mpira kooni, mashine inampumulia, na familia inasubiri siku kadhaa kujua ubongo umeumia kiasi gani.

Maneno wanarushiana harakaharaka mpaka nashindwa kufuata. Nianzie wapi?

Usihangaike na neno zima, shika vipande. Mengi yametoka Kigiriki na Kilatini na vipande vyenyewe vinajirudia. Chukua tukio kama hili, nesi anasema: "Presha 70 kwa 40, ana takikardia 140, saturesheni 84, naona haipovolemia, leta damu stati!"

"Taki" ni haraka, "kardia" ni moyo, kwa hiyo moyo unakimbia; kwa mtu mzima aliyetulia ukipita 100 kwa dakika ndo wanaita hivyo. Kinyume chake ni "bradi", polepole, chini ya 60. "Haipo" ni chini au pungufu na "volemia" ni ujazo wa damu, kwa hiyo damu imepungua mwilini. Saturesheni ni kiasi cha oksijeni kwenye damu kwa asilimia, mtu mwenye afya anakuwa 95 na kuendelea, kwa hiyo 84 ni mbaya. "Stati" ni sasa hivi. Ukiunganisha unapata hadithi nzima: mtu anavuja damu, presha imeshuka, moyo unakimbia kufidia. Hata kabla hawajasema wamepeleka wapi, wewe ushajua anaenda upasuaji.

Masikio yawe makini na "haipo" na "haipa", maana zinasikika karibu sawa na maana zinapingana. Haipotensheni ni presha ya chini, haipatensheni ni presha ya juu. Ukikosea hapo, hadithi yote inageuka. Halafu "epi" wanayoitaja kila saa ni adrenalini hiyohiyo, jina lake la pili ni epinefrini, wala sio dawa mpya.

Nikikuta mtu kaanguka na ile mashine ya shoti ya ukutani ikasema shoti haihitajiki, si ndo amekufa?

Usiache kukandamiza! Mashine ile (imeandikwa AED) inasoma umeme wa moyo tu, inatafuta vurugu inayoweza kuzimwa, haipimi kama mtu yuko hai. Ikisema shoti haihitajiki inawezekana ni asistoli, au umeme upo ila msuli hausukumi damu, na zote hizo zinahitaji mikono yako kifuani. Endelea, yenyewe itasoma tena baada ya dakika 2, na mstari ambao haukufaa kushtuliwa mwanzo unaweza kugeuka ukafaa. Na ukimwona anavuta pumzi moja moja za kukoroma, kama anatafuta hewa, usidhani amepona, tamthilia haziionyeshi sana hii lakini inatokea mara nyingi dakika za mwanzo moyo ukisimama. Haitikii na hapumui kawaida, mwambie mtu apige simu ya dharura na wewe kandamiza mpaka aonyeshe uhai mwenyewe au wahudumu wafike.