Ada ya Januari, Tumbaku ya Mei

Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua mwenye mtoto shule binafsi, tatizo ni kalenda. Shule hufunguliwa Januari, masoko ya tumbaku kwa kawaida huanza Aprili au Mei. Ukiuza, deni la pembejeo hukatwa kwanza ndipo kinachobaki kiingie kwenye akaunti yako. Kwa hiyo piga hesabu kwa fedha inayobaki, tena ongeza mwezi mmoja au miwili kwa malipo kuchelewa.

Tuseme mzazi anadaiwa shilingi 900,000 za muhula wa kwanza na mkononi ana 300,000.

Akikopa benki 600,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, aulize riba hiyo inakokotolewa juu ya nini. Ikikokotolewa juu ya deni linalobaki, riba yote ni kama 57,000. Ikikokotolewa juu ya 600,000 zote za mwanzo hadi mkopo uishe, ni 102,000, ingawa kila mwezi deni linapungua. Asilimia ni ileile, gharama karibu mara mbili. Dai jedwali la marejesho kabla ya kusaini, na uangalie jumla ya mwisho pamoja na ada ya maombi na bima.

Hata hivyo, kinachowaumiza wengi ni rejesho la kila mwezi, hapa kama 55,000 kuanzia Februari. Februari, Machi na Aprili hakuna tumbaku iliyouzwa, ndipo gunia la mahindi ya kula linapotoka ghalani kwenda kulipa benki. Kama benki haikubali rejesho moja baada ya mauzo, mkopo huo haumfai mkulima huyu, hata riba ikiwa nafuu.

Aanzie shuleni, na aende Novemba au Desemba, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Amwombe mhasibu amruhusu kulipa 300,000 Januari, 300,000 mwishoni mwa Machi na 300,000 mwishoni mwa Juni. Makubaliano yaandikwe, yapigwe muhuri, na yaseme wazi kwamba mtoto atafanya mitihani mzazi akilipa kwa tarehe hizo. Ahadi ya mdomo hupotea mhasibu akibadilishwa. Fedha ilipwe kwenye akaunti ya shule, stakabadhi itunzwe.

Linalobaki ni pengo la Machi, na hapo ndugu anafaa zaidi: 300,000, bila riba, kwa miezi mitatu au minne. Chagua mwenye mshahara au duka, maana ndugu mkulima mwenzako naye anasubiri soko lilelile. Muandikiane kiasi na tarehe, mbele ya mke au mume wa kila upande. Ugomvi mwingi wa madeni ya kifamilia huanza pale mmoja alipodhani ni msaada na mwingine alijua ni mkopo. Soko likichelewa, mpigie simu kabla ya tarehe kufika, umtumie hata 50,000.