Clear data si kusafisha tu

Kuna ujumbe unaosambazwa kwa wenye simu za Android: “Programu ikijifunga ovyo, bonyeza Clear data. Ni kusafisha tu, hakuna kinachopotea.”

Kinapotea. Clear data (kwenye simu nyingine Clear storage) huirudisha programu ilivyokuwa siku ya kusakinishwa. Daftari la madeni ya duka lililohifadhiwa ndani ya simu pekee, bila nakala kwingine, halirudi. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo.

Programu ikijifunga, anza na Force stop: huizima tu, ila arifa zake hazitaingia hadi uifungue tena. Ikiendelea kujifunga, jaribu Clear cache, inayofuta mafaili ya muda bila kukutoa kwenye akaunti. Vitufe vya Clear cache na Clear data hukaa jirani, ndiyo maana watu huvichanganya. Hakikisha kwenye ukurasa wa Storage: ukibonyeza Clear cache, namba ya Cache hushuka, ya data hubaki.