Kalorimita ya bomu: lita 2 za maji siyo jibu

Huku nyanda za juu vumbi la mbao limejaa kila kwenye kiwanda cha kupasulia, Mufindi mpaka Makambako, kwa hiyo kila mwaka kuna wanafunzi wanataka kujua vumbi la paini lina nishati kiasi gani. Wanaenda kwenye kalorimita ya bomu, yani chombo cha chuma kinachojazwa oksijeni na kuzamishwa kwenye ndoo ya maji, sampuli inaungua ndani yake na unapima maji yamepanda joto kiasi gani. Dhana ninazokutana nazo ni zilezile.

Ya kwanza, na ndo inayoharibu kazi nyingi: "ndoo ina maji gramu 2000, zidisha kwa 4.184 basi unapata juli kwa kila digrii, asidi ya benzoiki ya nini?" Hapana jamani. Joto haliingii kwenye maji peke yake. Linapasha bomu lenyewe la chuma zito, ndoo, kikorogeo na themomita, na hivyo vyote huwezi kuvikadiria kwa macho. Ndo maana unachoma kwanza kitu ambacho nishati yake inajulikana, asidi ya benzoiki, kilojuli 26.434 kwa gramu, halafu kifaa kinajitambulisha chenyewe.

Tuone kwa mfano. Kidonge cha asidi gramu 1.0050, oksijeni ya mgandamizo wa anga 30, joto likapanda digrii 2.620. Asidi imetoa kilojuli 26.566, waya wa kuwashia ulioungua sentimita 8 umeongeza 0.077 (aina hii inatoa juli 9.6 kwa sentimita, kwa hiyo pima kipande kilichobaki usikitupe), na asidi ya nitriki inayotokana na naitrojeni iliyokuwa ndani ya bomu tuseme 0.040, hii unaipata kwa kutaitreti maji uliyosuuzia bomu. Jumla 26.683. Gawanya kwa mpando wa joto unapata C, yani joto linalotakiwa kupandisha kifaa kizima digrii moja.

```
C = 26.683 / 2.620 = 10.184 kJ kwa digrii
```

Sasa sampuli, vumbi la paini lililoshindiliwa kidonge, gramu 0.9500, joto limepanda 1.698. Zidisha kwa 10.184 unapata 17.292, toa waya na nitriki tuseme 0.100 kwa pamoja, gawanya kwa uzito, unapata kilojuli 18.1 kwa gramu. Yule wa maji peke yake angetumia 8.368, na angepata 14.9. Yani amepoteza karibu moja ya tano ya nishati kwenye makaratasi tu, vumbi halina kosa lolote.

Na hiyo C ni ya maji kiasi kilekile, ukipunja gramu 10 umeshakosea asilimia 0.4, kwa hiyo maji yanapimwa kwenye mizani, siyo kwa jagi. Ukibadilisha ndoo au kifuniko cha bomu rudia kukalibreti.

Nyingine: "mabadiliko ya joto ni kubwa toa dogo." Mwezi wa saba Mbeya chumba kina baridi kweli, na ndoo ikishapata joto inaanza kulipoteza taratibu hata kabla hujasoma namba ya juu kabisa, huku kikorogeo nacho kinaongeza kidogo kwa msuguano. Soma joto kila dakika kwa dakika 5 kabla ya kuwasha, ukichora namba kwenye grafu, endelea kusoma mpaka mstari unyooke, kisha dakika nyingine 5. Nyoosha mistari yote miwili, ya kabla na ya baada, mpaka pale ambapo joto limefika asilimia 60 hivi ya mpando wake, tofauti ya hapo ndo yako. Joto likishuka 0.004 kwa dakika, ndani ya dakika 6 ni 0.024, karibu asilimia moja ya mpando wa asidi yetu.

Kuna wanaosema huku juu hewa ni nyepesi kwa hiyo majibu ya Mbeya hayafanani na ya Dar. Oksijeni unaijaza wewe mwenyewe kutoka kwenye mtungi mpaka anga 30, wepesi wa hewa ya nje hapo ni kitu kidogo mno. Ukifungua ukakuta masizi, tatizo ni kidonge kilichovunjika, oksijeni kidogo au waya kukaa vibaya, na jibu hilo tupa, usijaribu kulirekebisha kwa hesabu.

Mwisho kuna huyu anayechukua 18.1 na kuandika kwamba jiko litapata zote. Ndani ya bomu mvuke unarudi kuwa maji na kuachia joto lake, jikoni unapanda na moshi. Vumbi letu lina unyevu asilimia 10, na haidrojeni ya mbao inatengeneza maji mengine, jumla kama gramu 0.58 kwa kila gramu iliyoungua, ambayo ni takriban kilojuli 1.4. Kinachobaki kwa matumizi ya jikoni ni 16.7 hivi, na hapo bado hatujagusa ubovu wa jiko lenyewe.