Dawa za nyumbani siku ya kulazwa: ipi iendelee, ipi isimame

"Mama yangu amelazwa. Ana kadi ya kliniki yenye dawa zake zote, lakini wodini wamemuuliza upya moja moja, wakamwaga mfuko mzima mezani, na nyingine wakamzuia kuzimeza. Kwa nini, wakati ni daktari aliyemwandikia?"

Kadi inaonyesha alichoandikiwa. Anachomeza ni habari nyingine. Halafu dawa iliyomfaa alipokuwa anatembea na kula vizuri inaweza kumuumiza siku mwili umekauka kwa kuharisha. Kwa hiyo anayempokea hukusanya kwanza orodha ya kweli ya dawa za nyumbani, kisha hukaa na kila moja na kuandika: iendelee, isimame kwa muda, ibadilishwe au iachwe kabisa, na sababu yake pembeni. Shirika la Afya Duniani, katika mradi wake ulioanza mwaka 2006 uitwao High 5s, liliweka lengo kwamba kazi hii iishe ndani ya saa 24 tangu uamuzi wa kumlaza mgonjwa.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 64, ana sukari, presha na kifafa. Ameharisha na kutapika siku tatu. Amefika na presha ya 88/54, mdomo mkavu, mkojo kidogo. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ni mikromoli 212 kwa lita. Miezi miwili nyuma kadi yake ilionyesha 84. Maana yake figo zimezidiwa ghafla.

Kadi ya kliniki ina dawa tatu: metformini 500 mg asubuhi na jioni; kidonge kimoja cha presha chenye losartani 50 mg pamoja na dawa ya kukojoza 12.5 mg ndani yake, kila asubuhi. Na kabamazepini 200 mg asubuhi na jioni kwa ajili ya kifafa. Anayenakili kadi na kufunga faili hapo atakuwa amekosa mambo mawili makubwa.

La kwanza liko kwenye mfuko. Kuna karatasi ya dawa ya maumivu, diklofenaki 50 mg, iliyobaki vidonge vinne, na kibahasha cha kaki cha duka la dawa kilichoandikwa "2x1" kwa kalamu, hakina jina la dawa wala la mgonjwa. Ndani vimo vidonge vidogo vyeupe.

"Mama, hivi vya kwenye bahasha ni vya nini?"

"Hivyo vya magoti, mwanangu. Nikiviacha siku mbili siamki kitandani."

"Umeanza lini kuvitumia?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Binti ndiye huninunulia."

Bintiye akipigiwa simu anataja duka, na muuzaji anathibitisha: prednisoloni 5 mg, viwili kila asubuhi, karibu miezi mitano sasa. Angalia lilivyopatikana jibu. Mama akiulizwa "unatumia dawa gani?" angetaja za kliniki tu, kwa kuwa kwake hizo ndizo dawa, za magoti ni za kutuliza. Mwulizaji mzoefu hutaja mahitaji: ya maumivu je? Ya usingizi? Ya tumbo? Sindano yoyote ya kila mwezi, matone ya macho, kipulizio cha pumu, dawa za miti shamba? Halafu hulinganisha angalau vyanzo viwili, yaani mgonjwa au ndugu kwa upande mmoja, na kadi, mfuko au duka kwa upande mwingine.

La pili linaonekana kwa kuhesabu. Kadi inasema alipewa vidonge 30 vya presha siku 20 zilizopita. Vingepaswa kubaki 10, lakini kwenye boksi vimo 21. Amemeza 9 katika siku 20, chini kidogo ya nusu. Usimgombeze, mwulize tu. Wengi hurukisha siku ili boksi lifike mwisho wa mwezi, na baadhi humgawia mume. Idadi hiyo iandikwe, kwa sababu wiki ijayo mtu ataona presha imepanda, adhani dozi haitoshi na kuiongeza, kumbe dozi yenyewe haijawahi kumezwa ipasavyo.

Jambo moja zaidi huulizwa kwa kila dawa: mara ya mwisho kumeza ni lini, na je, ilikaa tumboni? Mama huyu alimeza diklofenaki jana usiku. Prednisoloni ameitapika asubuhi mbili mfululizo.

Sasa uamuzi. Losartani, dawa ya kukojoza na diklofenaki zikikutana kwenye mwili uliokauka huivamia figo kutoka pande tatu. Fikiria chujio la figo lenye bomba la kuingiza damu na bomba la kuitoa, na msukumo wa damu katikati ndio unaochuja. Kuharisha pamoja na dawa ya kukojoza hupunguza damu inayofika. Diklofenaki hubana bomba la kuingiza. Losartani hulegeza bomba la kutoa. Msukumo unaanguka, mkojo unapungua, kreatinini inapanda. Hakuna aliyekosea kuandika losartani. Kwa mwenye sukari na presha ni dawa nzuri sana, na ni siku hizi chache tu ambazo haifai.

Kwa hiyo kwenye noti mstari wa kidonge cha presha unasomeka hivi: "Losartani 50 mg na dawa ya kukojoza 12.5 mg, kidonge 1 asubuhi. Kinamezwa takriban siku moja kati ya mbili. Mara ya mwisho jana asubuhi. SIMAMISHA. Sababu: presha 88/54, kuharisha, kreatinini 212. Rudisha losartani peke yake presha ikizidi 140/90, anapokula na kunywa, kreatinini ikikaribia 84." Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Ikikosekana, mambo mawili hutokea: ama dawa inarudishwa kesho na zamu nyingine iliyoona "hajapewa dawa ya presha", ama hairudishwi kamwe, mama anaruhusiwa bila dawa ya presha, na anarudi baada ya miezi na kiharusi.

Diklofenaki inaachwa kabisa, na hapo noti iwe kali: "Asipewe dawa ya jamii hii, hata sindano." Bila maneno hayo, usiku mama atalalamika magoti na kuchomwa diklofenaki ileile iliyokatazwa kwa kidonge. Anaandikiwa parasetamoli badala yake.

Metformini inasimama pia. Yenyewe haiui figo, kama wengi wanavyoamini. Ila hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo zikizidiwa inarundikana, na asidi inaweza kujaa kwenye damu. Sukari ipimwe kidoleni kabla ya kila mlo na wakati wa kulala, insulini itumike ikibidi. Itarudi figo zikishatulia.

Prednisoloni ndiyo yenye mtego. Macho ya haraka yanaona dawa ya dukani, haina cheti, inapandisha sukari. Mkono unakwenda kuandika "acha". Hapana. Mtu aliyemeza 5 mg au zaidi kila siku kwa wiki nne na kuendelea huenda tezi zake zilizo juu ya figo zimelala, kwa kuwa kidonge kilikuwa kinafanya kazi yao. Homoni ya tezi hizo, kotisoli, ndiyo inayoishikilia presha mtu anapougua, na katika ugonjwa mkali mwili huhitaji kiasi kikubwa kuliko siku za kawaida. Mama huyu ameikosa siku mbili, tena anaumwa. Dalili ya kushtukia ni presha isiyopanda hata baada ya lita mbili za dripu, uchovu usiolingana na kuharisha kwenyewe, na pengine sodiamu ya chini kwenye damu. Uso uliovimba mviringo na ngozi nyembamba yenye michubuko mikononi pia humsaliti mtumiaji wa muda mrefu.

Uamuzi wake basi ni BADILISHA: haidrokotisoni, yaani homoni hiyohiyo kwa sindano, 100 mg kwa mshipa sasa hivi, kisha 50 mg kila baada ya saa 6, mpaka atakapoweza kumeza bila kutapika, halafu arudi kwenye prednisoloni, isikatwe ghafla. Hii haisubiri saa 24. Insulini, dawa za kifafa na ARV nazo zinastahili kuamuliwa mapema hivyohivyo, kwa sababu pengo dogo lina gharama.

Kabamazepini inaendelea, dozi ileile. Kama anatapika kila anachomeza, daktari aambiwe siku hiyohiyo achague dawa nyingine ya kifafa inayopita kwenye mshipa, maana kukatika ghafla huleta degedege.

Makosa mengine ni ya kalamu. "5.0 mg" husomwa 50, kwa hiyo huandikwa 5 mg; nusu milligramu huandikwa 0.5, kamwe si .5. Jina la dawa liwe la asili, si la boksi. Ukiandika Glucophage kwenye noti na metformini kwenye chati, siku moja mgonjwa atapewa zote mbili, nazo ni kitu kimoja. Na mfuko wenyewe uondolewe kitandani: ukabidhiwe ndugu au ufungwe kabatini kwa jina lake. Mgonjwa anayejali afya yake ataendelea kumeza zake chini ya shuka huku muuguzi akimpa za wodi.

Siku ya tano mama anakula ugali, presha 146/88, kreatinini 97. Losartani 50 mg inarudi peke yake, bila ile ya kukojoza, na kadi inaandikwa damu ipimwe tena baada ya wiki moja hadi mbili kuangalia kreatinini na potasiamu. Metformini inarudi kama zamani. Prednisoloni inabaki 10 mg asubuhi, na tarehe ya kliniki ya kuanza kuipunguza polepole. Kibahasha cha kaki kinabandikwa lebo yenye jina la dawa, dozi na neno "usiache ghafla". Vile vidonge vinne vya diklofenaki bintiye anaombwa asivirudishe nyumbani, na kwenye jalada la kadi, juu kabisa, panaandikwa kwa wino mwekundu kwamba dawa hiyo asiuziwe.