Fremu kwa sekunde, na mistari inayopita kwenye video za ukumbini

Ukifungua kamera ya simu upande wa video, pembeni mwa kioo utaona maandishi madogo kama FHD 30 au 4K 60. Sehemu ya kwanza ni ukubwa wa picha: FHD ina nukta 1,920 kwa 1,080, na 4K ina mara nne ya hizo. Namba ya mwisho ndiyo fremu kwa sekunde. Video ni picha za mnato zinazopigwa mfululizo, na 30 maana yake simu inapiga picha 30 kila sekunde. Watu wengi huipandisha hadi 60 wakidhani kubwa ndiyo bora, kumbe kila namba ina gharama yake, na gharama hiyo ni mwanga.

Sekunde moja ikigawanywa mara 60, kila fremu haiwezi kupata zaidi ya 1/60 ya sekunde kukusanya mwanga. Kwa fremu 30 inaweza kufika 1/30, yaani mara mbili. Mchana uwanjani hutaona tofauti. Usiku ukumbini, simu iliyowekwa 60 hulazimika kuukuza mwanga kidogo ilioupata, na picha inajaa chengachenga, hasa kwenye suti nyeusi na pembe zenye giza.

Lakini kilichonifundisha kuijali namba hii ni mistari. Nilirekodi sherehe ya kumuaga bibi harusi kwenye ukumbi wenye taa za LED za bei nafuu, nikarudi nyumbani na saa nzima ya video yenye mikanda ya kivuli ikipanda taratibu kwenye nyuso za watu. Kwa macho taa zilikuwa zimetulia kabisa.

Sababu ni umeme. Wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko taa ya namna hiyo hung'aa mara mbili. Basi inapepesa mara 100 kwa sekunde, upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Simu nayo haisomi picha yote kwa mpigo mmoja; husoma mstari baada ya mstari, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku ile kila mstari ulikuwa ukikusanya mwanga kwa 1/60 ya sekunde, muda unaomeza mpepeso mmoja na theluthi mbili. Mstari mmoja ukaangukia kwenye kilele cha mwanga, mwingine kwenye bonde lake, na hapo ndipo mikanda ilipotoka. Muda ungekuwa 1/50, kila mstari ungemeza mipepeso miwili kamili. Kwa 1/100 ungemeza mmoja kamili. Wote wangeshiba sawa, na mikanda isingekuwepo.

Muda huo huitwa kasi ya shata, na ndio unaotibu. Kwenye simu yenye Pro Video, weka fremu 30 au 25 na shata 1/50. Ukitaka 60, 1/50 haiingii ndani ya fremu, kwa hiyo shuka hadi 1/100 na ukubali giza. Baadhi ya simu za Android zina kipengele cha Anti-flicker. Chagua 50 Hz. Kwenye iPhone, ingia Settings, Camera, Record Video, kisha washa Show PAL Formats, ndipo fremu 25 zitokee. Mipepeso 100 inagawanyika kwa 25 bila baki, kwa hiyo hata shata isipokaa sawa mikanda husimama mahali pamoja badala ya kutembea, na iliyosimama haichoshi macho sana.

Jaribu kabla wageni hawajaingia: rekodi ukuta mweupe chini ya taa kwa sekunde 10, kisha uitazame. Taa za DJ za rangi ni habari nyingine. Nyingi hupepesa kwa mwendo wao wenyewe usiofuata umeme wa gridi, na hapo unabahatisha shata tu.

Kuhusu ukubwa wa picha sina mengi. Kama video itaishia WhatsApp, FHD inatosha. iPhone yenyewe huandika pale Settings kwamba dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni kama MB 60, na 4K kwa fremu 60 ni kama MB 400. Sherehe ya saa mbili kwa 4K 60 ni karibu GB 48, na simu itakuwa imepata moto zamani.

Kituliza mtikisiko ukiache kikiwa kimewashwa ukishika simu mkononi, ila ujue kile cha kielektroniki hukata kingo za picha ili kipate nafasi ya kuisogeza, kwa hiyo rudi nyuma hatua moja. Simu ikiwa kwenye stendi, kizime. Ukiigeuza polepole kumfuata bibi harusi anayeingia, kitadhani mkono umetikisika: kitaing'ang'ania picha, kisha kuiachia ghafla, na video itaruka.