Nani anasoma kipande kipi: ninavyoandaa skripti ya sauti nyingi

Makala ya redio yenye msimulizi mmoja haina shida. Unamkabidhi karatasi, anakaa mbele ya maikrofoni, anasoma. Kazi inabadilika pale waliohojiwa wamezungumza lugha ambayo msikilizaji wako haielewi, ikabidi wasomaji wengine wasome tafsiri ya Kiswahili juu ya sauti zao. Hapo unakuwa na wasomaji watatu au wanne, kila mmoja na saa yake ya kufika studio, na mara nyingi hawakutani kabisa. Kinachowaunganisha ni skripti peke yake.

Nitatumia mfano wa makala kuhusu uvuvi wa dagaa Ziwa Victoria. Yuko msimulizi, mvuvi na mama mchuuzi waliozungumza Kisukuma, na afisa uvuvi aliyehojiwa kwa Kiingereza. Wahusika ni wanne, lakini bajeti inaruhusu wasomaji watatu tu. Hali hiyo ni ya kawaida sana, na ndiyo inayodai alama zilizonyooka.

Jambo la kwanza ninalolisimamia ni kutenganisha mhusika na sauti. Mhusika ni yule anayesikika kwenye makala: mvuvi, mchuuzi, afisa. Sauti ni yule anayeketi studio kusoma. Ukiandika "Mvuvi" pekee pembeni ya kipande, fundi mitambo hajui amwite nani. Ukiandika jina la msomaji, siku akiugua na mwingine akashika nafasi yake itabidi uupitie muswada mzima kufuta. Kwa hiyo natumia S1, S2, S3, na majina yanakaa mahali pamoja tu, juu ya ukurasa wa kwanza: S1 ni fulani, S2 ni fulani. Msomaji akibadilika, unabadilisha mstari mmoja.

Rangi situmii kama alama kuu. Kwenye kompyuta inapendeza, lakini skripti ikichapishwa kwa wino mweusi, njano na kijani zinakuwa kijivu kimoja, na msomaji anaanza kuuliza kipande hiki ni cha nani huku muda wa studio unakwenda.

Skripti naiandika kwenye Google Sheets, katika karatasi niliyoipa jina la Skripti. Safu A ni namba ya kipande, B ni sauti, C ni mhusika, D ni maneno yenyewe, E ni maelekezo. Ikionekana hivi:

```
014 | S1 | Msimulizi | Giza likitanda, taa zinawashwa.
015 | S2 | Mvuvi     | Mwezi ukiwa mpevu hatuendi ziwani.
016 | S2 | Afisa     | Waanike kwenye chanja, si mchangani.
017 | S3 | Mchuuzi   | Mimi nawasubiri mwaloni alfajiri.
```

Kanuni ni kwamba sauti haibadiliki ndani ya mstari, na kila mstari una alama yake hata kama sauti ni ileile ya mstari uliotangulia. Usiache nafasi wazi ukidhani itaeleweka. Penye utata zaidi ni nukuu. Msimulizi akisema kwamba mvuvi alimweleza hawaendi ziwani mwezi ukiwa mpevu, hayo ni maneno ya S1 yote. Lakini ukiweka alama za nukuu na kumpa mvuvi kauli yake mwenyewe katikati ya sentensi, S1 ataisoma kwa sauti ya mvuvi, na S2 naye ataisoma siku yake. Kata sentensi, kauli ipewe mstari wake.

Sasa tazama 015 na 016. Wahusika ni wawili, sauti ni moja. S2 hata akijitahidi kubadilisha lafudhi, msikilizaji aliyeko jikoni anapika atadhani mvuvi ndiye bado anazungumza, na ushauri wa afisa utakuwa umepewa mtu asiye wake. Kwenye karatasi kasoro hii haionekani kwa urahisi kwa sababu jina la mhusika liko pale na macho yanaridhika. Mimi naacha hesabu iikamate. Kwenye safu G, kuanzia mstari wa tatu, naandika:

```
=IF(AND(B3=B2, C3<>C2), "ANGALIA", "")
```

Kisha naivuta hadi chini. Popote linapotokea neno ANGALIA, sauti moja imepokezana na yenyewe. Dawa yake ama ni kumhamishia mhusika mmoja kwenye sauti nyingine, ama kuweka kipande kifupi cha msimulizi katikati. Hapa nilichagua la pili: "Afisa uvuvi wa mwalo huo ana ushauri wake." Kipande hicho kilipewa namba 015A, na 016 ikabaki 016. Skripti ikishatumwa kwa wasomaji, namba hazisogezwi tena. Kilichofutwa kinabaki na namba yake, nacho kinaandikwa IMEFUTWA. Faili za sauti zinabeba namba hizohizo, kwa mfano `015A_S1_2.wav`, yaani rekodi ya pili ya kipande hicho, na mhariri anazipanga bila kumpigia simu mtu yeyote.

Mistari ikishatulia, kila msomaji anapata nakala yake. Ila nakala yenye vipande vyake pekee ina ubaya: hajui anapokea kutoka wapi. S3 akisoma "Mimi nawasubiri mwaloni alfajiri" bila kujua kilichotangulia, hawezi kujua kama mkazo ukae kwenye "mimi" au kwenye "alfajiri". Kwa hiyo safu F inabeba kipande kilichotangulia:

```
=B2&": "&D2
```

Hiyo inaandikwa F3 na kuvutwa chini. Mstari mpya ukiingizwa katikati, kama ule wa 015A, fomula za F na G zinavutwa upya, la sivyo zinaendelea kuutazama mstari wa zamani. Kisha kwenye karatasi mpya, ya S2 kwa mfano:

```
=FILTER(Skripti!A2:F90, Skripti!B2:B90="S2")
```

S2 anapata vipande vyake kwa mpangilio, kila kimoja na maneno ya aliyemtangulia. Fundi humsomea maneno hayo kwenye hedifoni, naye anaingia kana kwamba wenzake wako chumbani. Kabla ya kutuma nahakikisha `=COUNTBLANK(B2:B90)` inatoa 0, nikiwa nimeurekebisha mwisho ule wa 90 ulingane na mistari niliyonayo. Mstari usio na alama hauingii kwenye nakala ya yeyote, na utagundua wakati wasomaji wote wameshaondoka.

Safu ya maelekezo naiweka nyepesi. Kwa vipande vya tafsiri naandika urefu wa sauti ya asili kwa sekunde. Kama mvuvi amezungumza sekunde 18, tunamsikia mwenyewe kwa sekunde mbili hivi kabla ya kumpunguza, na mwishoni tunamrudisha kidogo. S2 amebakiwa na kama sekunde 14, na tafsiri isiyoingia humo naifupisha nyumbani, si studio. Tarakimu nazo naziandika kwa maneno kwenye safu D, kwa sababu 1,500 mmoja atasoma "elfu moja na mia tano" na mwingine "elfu na mia tano", na zikikutana kwenye makala moja zinasikika.

Utaratibu huu unagoma pale watu wawili wanapozungumza kwa kupokezana haraka, kama mvuvi na mchuuzi wakibishana bei mwaloni. Ukiwarekodi kwa siku tofauti, majibu yanakuja yamepoa hata kama kila mmoja kasoma vizuri. Vipande vya aina hiyo naviandika S2+S3 kwenye safu B, na katika nakala ya kila mmoja naviongeza kwa mkono kwa sababu kichujio hakitavipata. Kisha naomba muda mmoja wa studio ambao wote wawili wapo, na tunaanza na hivyo kabla ya vipande vya mmojammoja.